Uzi: Nyutro ya ofisi inabeba mara mbili ya fezi, na hakuna breka iliyoanguka. Inawezekanaje?

Msimamizi_Kilindini aliandika:

Assalaam alaikum ndugu wa jukwaa. Ninasimamia majengo na vifaa katika ofisi ya uwakala wa forodha, orofa ya tatu, jengo la zamani karibu na Moi Avenue hapa Mombasa. Tuna kompyuta za mezani sabini, nyingi zikiwa za kuunganishwa kwa vipuri vya bei nafuu, paneli za LED mia na ishirini za wati 36, na chaja za simu na laptopu ambazo sijawahi kuzihesabu. Viyoyozi vina laini yao mbali na havihusiki na haya ninayoyaeleza.

Wiki iliyopita harufu ya plastiki iliyopata moto ilitoka kwenye bodi ya saketi ya orofa yetu. Fundi alipofungua kifuniko, tulikuta fezi zote tatu zikiwa salama na rangi zake zimetulia, lakini waya wa nyutro unaotoka bodi kuu ya chini ulikuwa umegeuka kahawia kwa urefu wa shibiri moja kutoka kwenye baa unapofungwa, na ganda lake lilikatika kama ganda la yai lilipoguswa. Waya zote nne ni za milimita 6 za mraba, zimepita ndani ya paipu moja kwa takriban mita 35, na zinalindwa chini na breka ya fezi tatu ya ampea 32.

Fundi alipima kwa mita ya klampu. Kila fezi ilisoma karibu ampea 19. Nyutro ilisoma 41. Alirudia mara tatu akidhani mita imeharibika. Mimi nilifundishwa kwamba fezi zikilingana, nyutro hubaki karibu na sifuri. Sasa hizi 41 zinatoka wapi, na kwa nini breka haikuanguka hata siku moja?

---

Kijana_wa_Bondeni alijibu:

Wa alaikum salaam. Hilo ni jambo la kawaida, kaka. Mzigo haukugawanywa sawasawa. Mafundi wengi huweka soketi zote kwenye fezi moja na taa kwenye nyingine, halafu nyutro ndiyo inayobeba tofauti. Mwambie fundi ahamishe saketi chache kutoka fezi moja kwenda nyingine mpaka zilingane, na nyutro itapoa siku hiyohiyo. Nimefanya hivyo katika maduka matatu pale Mwembe Tayari na yote yamekaa vizuri.

---

Msimamizi_Kilindini aliandika:

Ahsante, lakini fezi zimesoma 19, 19 na 20. Sioni cha kuhamisha.

---

Mzee_wa_Transfoma alijibu:

Ndugu Msimamizi, kabla ya yote, ofisi isiendelee kutumia waya ule kwa mzigo kamili. Zimeni nusu ya kompyuta au gawaneni zamu mpaka waya ubadilishwe, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Kijana wa Bondeni amesema jambo la kweli ambalo halihusiani na kesi hii. Kwa mizigo kama pasi, hita na balbu za zamani, kutolingana ndiko kunakoleta mkondo kwenye nyutro, na kulinganisha ndiko kunakouondoa. Lakini mizigo ya aina hiyo ina kikomo: hata ukiiacha fezi mbili tupu kabisa, nyutro haiwezi kubeba zaidi ya ile fezi moja iliyobaki. Ukiona nyutro imeipita fezi yenye mzigo mkubwa kuliko zote, huku fezi zenyewe zinalingana, acha kutafuta kosa la ugawaji.

Hata hivyo, namba zako zina walakini. Nyutro ya mzigo uliolingana wa kompyuta, chaja na taa kama zenu, hata uwe mbaya kiasi gani, haiwezi kufika mara mbili ya fezi. Dari yake ni mara 1.73 tu. Wewe umeleta 41 kwa 19, yaani zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo moja ya vipimo hivi ni ya uongo, na ninashuku ni ile ya fezi. Tafadhali angalia usoni mwa mita ya fundi: je, imeandikwa "True RMS" au haikuandikwa? Ukipata iliyoandikwa hivyo, pima tena, na ukifika kwenye nyutro bonyeza kitufe cha "Hz" utuambie kioo kinaonyesha nini.

---

Binti_Kisauni aliandika:

Samahani kwa kuingilia. Nyumbani kwetu Kisauni nyutro iliungua kwenye mita mwaka jana, na tangu tuweke balbu za LED naona tokeni zinakwisha upesi. Je, ni tatizo hilihili? Na hii mara 1.73 inanihusu?

---

Mzee_wa_Transfoma alijibu:

Hapana, dada yangu, na ni vizuri umeuliza kwa sababu wengi watachanganya. Nyumba yenu ina fezi moja. Mkondo unaoingia kwa fezi ndio uleule unaorudi kwa nyutro, ampea kwa ampea, kwa hiyo nyutro haina njia ya kubeba zaidi ya mwenzake. Ongezeko ninalolizungumzia hutokea tu pale ambapo fezi tatu zinatumia nyutro moja. Nyutro yenu iliungua kwa sababu nyingine, na huku pwani mara nyingi ni skrubu iliyolegea au kiungo kilicholiwa na hewa ya chumvi. Kuhusu tokeni, mita huhesabu nishati iliyotumika, na balbu za LED hutumia kidogo kuliko zile mlizoziondoa; tafuteni friji au pampu.

---

Msimamizi_Kilindini aliandika:

Mzee, nimeshangaa. Mita ya fundi haikuwa na maandishi hayo. Nimeazima nyingine yenye "True RMS" kutoka kwa rafiki anayefanya kazi bandarini, na tukapima saa nne asubuhi, wakati kila mtu yuko kazini. Fezi zimesoma 27, 27 na 28. Nyutro imesoma 43. Nilipobonyeza "Hz" kwenye fezi, kioo kilionyesha 50. Kwenye nyutro kilionyesha 150, na kilikaa hapohapo bila kuchezacheza.

Naomba uniambie 150 inamaanisha nini, maana umeme wa Kenya najua ni mizunguko 50 kwa sekunde.

---

Mzee_wa_Transfoma alijibu:

Hiyo 150 ndiyo jibu lako. Ingekuwa nyutro inabeba tofauti ya ugawaji, mita ingesoma 50. Mkondo wako wa nyutro unatembea kwa kasi mara tatu ya umeme unaonunua, na hiyo ndiyo hamoniki ya tatu.

Nitaeleza inavyozaliwa. Ndani ya pawasaplai ya kompyuta, ndani ya chaja na ndani ya kile kiboksi kidogo kinachoendesha paneli ya LED, mlangoni kabisa kuna rektifaya ya dayodi nne, na nyuma yake kuna kapasita. Kapasita hiyo ni kama mtungi wa maji uliojaa: haipokei kitu mpaka kiwango cha nje kiwe juu kuliko cha ndani. Volti ya ukutani hupanda na kushuka, na inapofika karibu na kilele chake ndipo kapasita hufunguka, inavuta kwa pupa kwa muda wa milisekunde mbili au tatu, kisha inafunga na kukaa kimya mpaka kilele kinachofuata. Hita huvuta muda wote, polepole, kwa umbo lilelile la volti. Kompyuta huvuta kwa mikupuo.

Sasa weka fezi tatu. Mzunguko mmoja wa umeme wetu huchukua milisekunde 20, na kila fezi ina vilele viwili ndani yake, kimoja cha juu na kimoja cha chini. Vilele vya fezi tatu havigongani. Kinakuja kimoja kila baada ya milisekunde 3.3. Kwa hita tatu, wakati fezi moja inasukuma, nyingine mbili zinapokea, na kinachobaki kwa nyutro ni sifuri. Kwa kompyuta, fezi moja inapovuta mkupuo wake, zile mbili zimefunga milango. Hakuna wa kupokea. Mkupuo wote unapita kwenye nyutro, kisha unakuja wa fezi ya pili, nao unapita wote, kisha wa tatu. Nyutro inapitisha mikupuo sita ndani ya milisekunde 20, mitatu ya kwenda na mitatu ya kurudi, kwa kupokezana, na ndiyo maana mita yako inahesabu mizunguko 150 kwa sekunde badala ya 50.

Hapo pia ndipo ile 1.73 inapotoka. Kama mikupuo haigusani kabisa, basi joto linalozalishwa kwenye nyutro ni jumla ya joto la fezi zote tatu, kwa sababu kila mkupuo unapita humo peke yake. Joto hufuata mraba wa mkondo. Joto mara tatu ni mkondo mara 1.73, ambayo ni kipeuo cha pili cha 3. Kwako, 27 ukizidisha kwa 1.73 unapata karibu 47. Umepima 43, ambayo ni ishara kwamba mikupuo inagusana kidogo pembeni.

---

Mwalimu_wa_Ufundi aliandika:

Nimefuatilia kwa makini, na ningependa kuonyesha hesabu hiyohiyo kwa njia wanayoitumia wanaofanya mipango ya nyaya, maana inatoka sawa. Fezi moja ya ndugu Msimamizi ina ampea 27. Tuseme ndani yake kuna ampea 22 za mizunguko 50, ampea 14 za mizunguko 150 na ampea 7 za mizunguko 250. Hizi hazijumlishwi moja kwa moja. Unachukua mraba wa kila moja:

```
22² + 14² + 7² = 484 + 196 + 49 = 729
√729 = 27 A
nyutro = 3 × 14 = 42 A
```

Zile 22 za fezi tatu zinafutana kwenye nyutro, na zile 7 vilevile. Zile 14 hazifutani kwa sababu hamoniki ya tatu ya fezi zote tatu hupanda na kushuka kwa wakati mmoja, kwa hiyo zinajumlishwa: 42. Ampea moja iliyobaki ni tofauti ndogo ya ugawaji na hamoniki ya tisa, ambayo nayo ina tabia ya ile ya tatu.

Kuhusu mita ya kwanza, nayo haikuharibika. Mita za bei nafuu hupima wastani wa mkondo na kuuzidisha kwa 1.11, kwa kudhani kwamba umbo ni wimbi safi. Kwa mkondo wa mikupuo kama huu, hesabu hiyo inatoa karibu 19 mahali ambapo ukweli ni 27. Kwenye nyutro, umbo limekaribia kuwa wimbi safi la mizunguko 150, ndiyo maana mita ileile ilikosea kidogo tu. Mtu anayetumia mita hiyo angeapa kwamba fezi zina nafasi kubwa iliyobaki.

---

Kijana_wa_Bondeni alijibu:

Nakubali kwamba kwa 150 sina hoja. Lakini bado swali la breka halijajibiwa. Ampea 43 kwenye waya wa milimita 6, na breka ni ya 32. Mbona haikuanguka?

---

Mzee_wa_Transfoma alijibu:

Kwa sababu breka haioni nyutro. Ina nguzo tatu, na kila nguzo inahisi fezi yake tu. Kila moja iliona 27 au 28, chini ya 32, ikaridhika. Nyutro imepita pembeni moja kwa moja kwenye baa, bila mlinzi. Zamani ilikuwa haki kabisa kuiacha bila mlinzi, kwa sababu mlinzi wa fezi alikuwa anailinda pia: kama fezi hazijapita 32, nyutro isingeweza kupita 32. Hamoniki ya tatu imevunja dhana hiyo.

Tazama sasa joto lenyewe. Waya wa shaba wa milimita 6 ukiwa umepata moto una ukinzani wa takriban ohmu 0.00365 kwa kila mita. Fezi moja yenye ampea 27 inatoa wati 2.7 kwa mita, na zote tatu pamoja ni wati 8. Nyutro yenye ampea 43 peke yake inatoa karibu wati 7. Yaani waya mmoja unatoa joto linalokaribia la wale watatu, ndani ya paipu ambayo aliyeipanga alihesabu wati 8 tu. Jumla imekuwa karibu 15. Waya huo wenye ganda la PVC, ukiwa ndani ya paipu, umepewa uwezo wa ampea 36 hivi kwa hewa ya nyuzi 30. Juu ya dari ya ofisi za Mombasa wakati wa kaskazi, hewa hufika nyuzi 40 bila shida, na hapo uwezo unashuka hadi ampea 31. Hapo hata hiyo breka ya 32 imeshakuwa kubwa kidogo kwa fezi zenyewe. Ganda la PVC limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Likikaa juu ya hapo kwa miezi, linakuwa gumu na kukatika kama ulivyoona.

Nilitaka mpunguze mzigo haraka kwa sababu hatari kubwa iko kwenye skrubu kuliko kwenye waya. Waya unapopata moto mchana na kupoa usiku, kiungo kinalegea. Kikilegea kinapata moto zaidi. Siku moja kinaachia.

---

Mama_Steshenari aliandika:

Hilo la kuachia limenikuta mimi. Duka langu la steshenari na huduma za kompyuta liko Tudor, na tulikuwa tunatumia bodi moja na wapangaji wawili wengine, kila mmoja fezi yake. Jumamosi moja taa zangu ziliangaza sana ghafla, nyeupe kuliko kawaida, kisha nikasikia mlio kama wa kiberiti kutoka kwa fotokopi. Kompyuta nne ziliungua pamoja. Jirani mwenye saluni alisema kwamba kwake umeme ulififia tu. Aliyekuja kutengeneza alinionyesha ncha ya waya mweusi iliyoyeyuka kwenye baa. Mwenye nyumba alisema ni radi, na mbingu ilikuwa haina hata wingu.

---

Mzee_wa_Transfoma alijibu:

Pole sana, mama. Nyutro ikikatika, fezi mbili zinabaki zimefungwa moja nyuma ya nyingine kwenye volti 415, na kila upande unachukua sehemu kulingana na mzigo wake. Saluni yenye mashine za kukaushia nywele ni mzigo mzito, kwa hiyo volti yake ilishuka. Wewe uliyekuwa na mzigo mwepesi ukabebeshwa iliyobaki, pengine zaidi ya 300. Siwezi kusema kama waya wako uliungua kwa hamoniki au kwa skrubu iliyolegea tangu mwanzo, kwa sababu ncha iliyoyeyuka inafanana kwa visa vyote viwili.

---

Fundi_Likoni aliandika:

Mimi naona suluhisho ni rahisi. Wekeni breka ya ampea 32 kwenye nyutro pia, ikizidi inaanguka, mambo yamekwisha.

---

Mwalimu_wa_Ufundi alijibu:

Ndugu yangu, usifanye hivyo kamwe. Breka ya nyutro peke yake ikianguka, umejiletea mwenyewe kisa cha Mama Steshenari. Kama nyutro italindwa, sharti iwe breka ya nguzo nne ambayo inahisi nyutro na kukata fezi zote tatu kwa pamoja. Breka za namna hiyo zipo, lakini angalia vizuri kabla ya kununua, maana nyingine zina nguzo nne huku ile ya nyutro inakata tu bila kuhisi kitu.

---

Msimamizi_Kilindini aliandika:

Wakubwa wangu ofisini wamekwishaamua kwamba kosa ni la taa za LED, kwa sababu tulizibadilisha mwaka uliopita na harufu imekuja baadaye. Wanataka kurudisha zile za mirija. Mimi sina uhakika. Je, kuna njia ya kujua nani anachangia kiasi gani?

---

Mzee_wa_Transfoma alijibu:

Ipo, na haihitaji kifaa kipya. Wakati watu wanafanya kazi mchana, acha klampu kwenye nyutro, kisha zima taa zote kwa dakika moja. Andika namba. Washa taa, kisha siku ya Jumapili washa taa peke yake huku kompyuta zimezimwa. Andika tena.

---

Msimamizi_Kilindini aliandika:

Nimefanya la kwanza leo saa nane. Kabla ya kuzima taa nyutro ilikuwa 43. Nilipozima ikashuka hadi 33. Kwa hiyo taa zinachangia karibu ampea 10, na zilizobaki ni za kompyuta na chaja. Ila lazima niseme ukweli: mwaka uleule tulioweka taa, tuliongeza pia wafanyakazi ishirini na kompyuta zao. Hakuna aliyezihesabu hizo kwa sababu ziliingia moja moja.

---

Mzee_wa_Transfoma alijibu:

Basi taa zimesingiziwa kwa sehemu kubwa. Paneli zako ni karibu kilowati 4.3 kati ya kilowati 15 na ushei za orofa nzima, na mchango wake kwenye nyutro unalingana na ukubwa huo. Kurudisha mirija kutawaongezea bili tu.

Wengi hawajui kwa nini vitu vidogo ndivyo vyenye tabia mbaya. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61000-3-2 kinaweka mipaka ya hamoniki kwa kompyuta na televisheni, lakini mipaka hiyo inaanzia wati 75. Pawasaplai kubwa ya kompyuta iliyotengenezwa kufuata kiwango hicho huwa na sakiti ya kurekebisha umbo la mkondo, na kwenye lebo yake utaona herufi "PFC". Chaja ya laptopu ya wati 65 iko chini ya mstari, kwa hiyo haina haja ya kuwa nayo, na kwa kawaida haina. Chaja ya simu ndiyo kabisa. Moja haina madhara. Arobaini za laptopu kwenye bodi moja ni mzigo wa kilowati mbili na nusu zikivuta zote kwa pamoja, usio na mpaka wowote. Na zile kompyuta zako za kuunganishwa, fungua chache usome lebo; nina hakika kidogo kwamba hutaziona hizo herufi, ingawa kiwango kingezitaka.

---

Mwalimu_wa_Ufundi aliandika:

Nimependa "nina hakika kidogo". Mimi nimeona pia lebo zenye "PFC" na ndani hamna kitu isipokuwa nafasi iliyoachwa kwenye bodi. Klampu ndiyo shahidi.

Kuhusu waya mpya, ushauri wangu ni huu. Kiwango cha kupanga nyaya, IEC 60364-5-52, kinasema kwamba hamoniki ya tatu ikizidi asilimia 33 ya mkondo wa fezi, waya uchaguliwe kwa mkondo wa nyutro na siyo wa fezi. Kati ya asilimia 33 na 45 unagawanya tena kwa 0.86, kwa sababu waya zote nne zina moto. Ikizidi 45, unachukua mkondo wa nyutro ulivyo, kwani hapo fezi zenyewe zimebaki na nafasi kubwa. Ninyi mna 14 kati ya 27, ambayo ni asilimia 52. Kwa hiyo tafuteni waya wa ampea 43, mgawanye kwa 0.87 kwa ajili ya joto la dari, mnapata 49 na kitu. Milimita 10 ina uwezo wa 50, ambayo ni kuponea chupuchupu. Ningevuta milimita 16 kwa zote nne.

---

Fundi_Likoni aliandika:

Paipu hiyo ya zamani haitapokea milimita 16 nne. Kwa nini wasivute nyutro ya pili ya milimita 6 kando ya ile ya kwanza, zigawane mzigo? Gharama ni robo.

---

Mzee_wa_Transfoma alijibu:

Kwa hesabu inawezekana. Kwa vitendo sipendi. Waya mbili zikifungwa sambamba, moja ikilegea, nyingine inachukua zote 43 na hakuna taa itakayozima kukujulisha. Tena moja kati ya hizo mbili imeshaungua ganda.

---

Fundi_Likoni alijibu:

Wazungu wa viwanda vikubwa wanafunga nyaya sambamba kila siku, mzee. Skrubu ikikazwa vizuri haina neno. Tusitishane.

---

Mzee_wa_Transfoma alijibu:

Viwandani kuna mtu anayepita na kamera ya joto kila mara. Kwenye ofisi ya forodha ni nani atakayepanda dari? Tukubaliane kutokukubaliana hapo.

---

Mkereketwa_wa_Nyali aliandika:

Kuna pia transfoma ya zigizaga, ambayo hufungwa karibu na bodi na kuipa hamoniki ya tatu njia fupi ya kurudi. Je, isingemaliza kazi bila kugusa waya za paipu?

---

Mwalimu_wa_Ufundi alijibu:

Ingepunguza sana mkondo kwenye zile mita 35, kwa sharti ifungwe upande wa orofa ya tatu na siyo chini. Lakini nyutro kati yake na kompyuta inabaki vilevile, kifaa chenyewe kinatoa joto, na kwa mita 35 za shaba bei yake haitetei. Kwa jengo la orofa kumi ningelizungumza upya.

---

Msimamizi_Kilindini aliandika:

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki mbili. Tumeiacha paipu ya zamani na kupitisha tranki mpya ukutani, waya nne za milimita 16. Kabla ya kazi nilipima volti kati ya nyutro na waya wa ardhi kwenye bodi yetu, mzigo ukiwa kamili kwa dakika chache: volti 5.6. Baada ya kazi: 2.1. Mguso wa nyutro sasa ni wa vuguvugu tu. Mita bado inasoma 43 na bado inasoma 150, na wakubwa wangu waliuliza kama tumelipa bure.

---

Mwalimu_wa_Ufundi alijibu:

Hamkulipa bure. Waya mkubwa hauondoi mkondo. Unaupitisha bila kuungua. Volti 5.6 kwa ampea 43 kupitia mita 35 ndiyo hasa ungetarajia kwa milimita 6, na 2.1 ndiyo ya milimita 16, kwa hiyo viungo vyenu ni vizuri. Mkondo utapungua mtakapokuwa mnabadilisha pawasaplai moja moja kwa zenye PFC ya kweli.

---

Mzee_wa_Transfoma alijibu:

Nina swali moja. Hizo 43 zinashuka hadi bodi kuu ya chini, na pale zinakutana na za orofa nyingine. Jengo la umri huo huenda lilipewa kebo kuu ambayo nyutro yake ni nusu ya fezi, kama ilivyokuwa desturi. Mmeitazama?

---

Msimamizi_Kilindini aliandika:

Chumba cha bodi kuu kina kufuli, na ufunguo uko kwa mwenye jengo. Nilimwandikia Jumatatu. Amejibu kwamba breka kuu haijawahi kuanguka, kwa hiyo haoni sababu ya kufungua. Nimemtumia picha ya waya wetu ulioungua na nimemwomba nusu saa ya asubuhi yoyote, nije na klampu. Ikiwa kuna mpangaji mwingine wa jengo hili anayesoma hapa, naomba apime nyutro ya orofa yake ili niende na namba mbili badala ya moja.

---

Binti_Kisauni aliandika:

Mimi si mpangaji, ila dada yangu anafanya kazi orofa ya tano ya jengo linalofanana na hilo, karibu na hapo. Anasema huwa wanasikia harufu saa sita mchana na wamezoea kudhani ni ya mashine ya fotokopi. Nimuulize jengo gani?

---

Msimamizi_Kilindini aliandika:

Muulize leo, tafadhali. Na umwambie asiguse kifuniko cha bodi mwenyewe. Amwite fundi mwenye mita iliyoandikwa "True RMS".